Simu moja, chapati nane

Swali: Nataka kurekodi video ya chapati kwa simu moja, na jikoni kwangu hata pa kugeukia hapana. Nipange vipi picha?

Jibu: Chapati hujirudia, na hiyo ndiyo kamera yako ya pili. Kukanda hutokea mara moja tu, kwa hiyo rekodi kutoka juu bila kusogeza simu. Donge likipumzika, chukua picha za nyongeza: unga ukichekechwa, samli ikichotwa, sekunde 5 hadi 8 kila moja. Chapati ya kwanza iache, kikaango hakijakolea moto. Ya pili ipige kutoka juu, ya tatu ubavuni, ya nne karibu kabisa inapofura. Kabla ya kila picha gusa kioo, shikilia mpaka mwanga ujifunge, la sivyo utapanda na kushuka kila mkono unapopita. Mbili za mwisho zisiliwe: picha ya kuchana chapati haitoki mara ya kwanza.