KADI YA MWALIKO WA ARUSI: MPANGO WA KURASA ZAKE

Mtu wa Eldas, katika Kaunti ya Wajir, akipeleka maneno ya kadi ya arusi kupigwa chapa mjini, kosa la mpango huonekana kadi zikiisha kuletwa. Jina la bibi arusi likitokea mgongoni mwa kadi, hapana dawa ila kulipia kadi nyingine. Kosa hilo huzuilika kwa karatasi moja tupu.

Tuseme baba mmoja anamwoza binti yake, naye ataka kadi ya mkunjo mmoja. Na achukue karatasi ya upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 148, aikunje katikati kama kitabu. Sasa ana kurasa nne, kila mmoja una upana wa milimita 105. Aandike 1 mbele, 2 na 3 ndani, na 4 nyuma, kisha aikunjue.

Ataona jambo la ajabu: upande wa nje, ukurasa wa 4 uko kushoto na wa 1 uko kulia. Upande wa ndani, 2 iko kushoto na 3 kulia. Hivyo ndivyo mpiga chapa apangavyo. Majina ya maharusi yawe ukurasa wa 1. Mwaliko wenyewe, pamoja na siku, saa na mahali, uwe ukurasa wa 3, ambao jicho huuona kwanza kadi ifunguliwapo. Ramani ya njia yaweza kukaa ukurasa wa 4. Karatasi igeuzwe kwa ubavu, kama ukurasa wa kitabu. Ikigeuzwe kwa juu, maneno ya ndani yatasimama kichwa chini.

Kisomali, kilichopewa rasmi herufi za Kilatini mwaka 1972, hufuata mpango huohuo wa Kiswahili. Lakini kadi iliyoandikwa yote kwa Kiarabu hufunguliwa kinyume: mkunjo huwa kulia, na upande wa nje ukurasa wa 1 huwa kushoto. Bismillahi peke yake juu ya mwaliko haibadilishi mpango.

Yabaki mambo ya pembeni. Kisu cha kukatia huweza kupotoka milimita moja au mbili. Kwa hiyo maneno yakae mbali na kila ukingo, na mbali na mkunjo pia, kwa milimita 10. Hubaki nafasi ya upana wa milimita 85. Mstari usiotosha ukatwe kuwa miwili, usisukumwe pembeni. Bali rangi au pambo linalofika ukingoni lipitishwe milimita 3 nje ya mstari wa kukata, lisije likaacha uzi mweupe.

Mfano ule uliotiwa namba upelekwe pamoja na maneno, na kadi moja ikunjwe na kusomwa kabla ya nyingine kupigwa chapa.