Somo: Kifungu cha Kazi Zilizomo Katika Bei

Katika toleo hili tunajifunza namna ya kuandika makubaliano na mtu anayejitegemea, hasa pale ambapo mwenye kazi bado hajui vizuri anachokitaka.

Tuchukue mfano wa kamati ya parokia inayokwenda Ngamiani, Tanga, kwa kijana anayepanga kurasa kwa kompyuta. Inamwambia, “Tutengenezee kijitabu kizuri cha jubilei.” Wanakubaliana Sh. 400,000. Baadaye zinaletwa picha mpya, kisha historia ya kwaya, kisha ombi la bango. Kila ombi ni “kidogo tu”, lakini bei ni ileile. Kijana anachoka na kazi inachelewa, na kamati inaona imedanganywa.

Kumbana mwenye kazi aeleze yote mapema mara nyingi hakusaidii, kwa kuwa bado hajui. Kinachowezekana ni kuandika bei ile inanunua nini. Kwa mfano:

“Bei ya Sh. 400,000 inahusu: kupanga kurasa 24 za ukubwa wa A5, picha zisizozidi 20 zitakazoletwa na kamati, rasimu moja, masahihisho mara mbili, na faili moja la PDF la kupeleka kwa mchapaji. Haihusu kuandika makala, kupiga picha wala kuchapa. Jambo lisilotajwa hapa ni kazi ya ziada, na litaanza baada ya pande mbili kukubaliana bei na muda kwa maandishi. Ukurasa wa ziada ni Sh. 15,000.”

Historia ya kwaya ikiletwa, hakuna ugomvi. Kijitabu kinachobanwa pini katikati huongezwa kurasa nne nne, hivyo nyongeza ni Sh. 60,000. Kamati inaamua kulipa, au kupunguza habari nyingine.

Neno “mara” nalo lielezwe. Mara moja ni orodha moja ya masahihisho yote, iliyokusanywa na mjumbe mmoja aliyetajwa. Bila hivyo, wajumbe saba wataleta orodha saba. Makosa ya mpangaji mwenyewe asahihishe bure, wala yasihesabiwe.

Jihadharini na maneno “na mengineyo” au “kadiri itakavyohitajika”. Hayo hufungua tena mlango ambao orodha imeufunga. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani, wala haiwezi kubainishwa, ni batili.

Kifungu hiki kina mpaka wake. Kama hata idadi ya kurasa haikadiriki, msiandike orodha ya kubahatisha. Lipeni kwanza kazi ndogo ya kukusanya na kuhesabu habari, kisha andikeni mkataba wa kijitabu.

Maswali ya kujadili katika kamati:
1. Katika mkataba wetu wa mwisho, ni kazi gani hazikutajwa?
2. Ni nani mmoja atakayekusanya masahihisho yetu?