Somo: Tangazo Moja kwa Wasomaji wa Namna Tatu



Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa mpunga wilayani Kahama. Ghalani kina tani 12 za mchele, yaani mifuko 480 ya kilo 25, na bei ni shilingi 65,000 kwa mfuko. Katibu aliandika tangazo moja, akalibandika lilivyo katika Facebook, TikTok na LinkedIn. Wateja hawakuja. Kosa lilikuwa wapi?

Kwanza, yaandikwe daftarini mambo yasiyobadilika: uzito, idadi, bei, mahali na namba ya simu. Matangazo yote matatu yatoke katika ukurasa huo. Kinachobadilika ni jambo la kwanza kutajwa na ombi la mwisho.

Facebook. Msomaji ni mnunuzi wa nyumbani au mwenye duka. Huonyeshwa mistari michache ya mwanzo. Iliyobaki hufichwa mpaka abonyeze. Kwa hiyo tuanze hivi: «Mchele mpya, mfuko wa kilo 25 shilingi 65,000, ghalani kwetu Kahama.» Ifuate picha ya mchele kiganjani na namba ya simu. Bei ikibadilika, maneno yasahihishwe siku hiyohiyo.

TikTok. Mtazamaji hakijui chama, naye huamua kupita au kubaki katika sekunde chache za kwanza. Tuanze na mchele ukimiminika kutoka mashine ya kukoboa, wala si na jina la chama. Simu ishikwe wima. Maandishi yasikae chini wala ukingoni kulia, maana hufunikwa na alama za mtandao. Hapa bei isitajwe. Picha na sauti zikishatolewa hazisahihishiki, nazo zaweza kuwafikia watu wapya baada ya wiki kadhaa. Mteja akisafiri kutoka Geita kwa bei iliyokwisha kupita, lawama ni ya chama. Ombi liwe: «Piga simu uulize bei ya leo.»

LinkedIn. Msomaji ni ofisa ununuzi wa mgodi, kama wa Geita au Bulyanhulu, au wa kampuni inayopikia wafanyakazi wa migodini. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinaitaka migodi itangulize bidhaa za nchini. Lakini yeye hutaka kwanza uhakika: «Tuna tani 12 tayari, mifuko ya kilo 25, unyevu usiozidi asilimia 14, risiti ya EFD hutolewa. Tunaomba kuleta sampuli.» Chama kisiahidi tani 12 kila mwezi ikiwa ndizo zote zilizoko.

Tahadhari ya mwisho: mifuko 200 ikiuzwa kwa wasomaji wa Facebook, zimebaki tani 7 tu. Daftari lipunguzwe jioni ileile, na tangazo la LinkedIn lisahihishwe.

Zoezi: Katibu aandike matangazo matatu ya bidhaa moja ya chama chake. Mjumbe mwingine ayalinganishe na daftari, tarakimu kwa tarakimu, kabla hayajatolewa.