Shukrani arobaini, kila mtu na yake

Tulipomaliza kuzibua silanga hapa Leparua tulitaka kuwaandikia watu 40 waliojitolea. Kufika jina la sita tulikuwa tunarudia tu "asante kwa kazi nzuri". Shida haikuwa maneno. Hatukujua nani alifanya nini.

Tukachukua daftari, na mbele ya kila jina tukaandika kitu kimoja: kazi yake, saa, ama chombo alicholeta. "Asante" tuliiweka mara moja tu, juu ya karatasi. Kila mstari ukaanza na tendo.

Wapishi wanane ndio walitusumbua, maana wote walipika! Tukamwuliza mama aliyesimamia jiko. Basi mmoja akapata: "Uliwasha moto kabla ya jua kutoka, watoa matope wakakuta chai tayari." Mwingine: "Sufuria yako kubwa ndiyo iliyotosha githeri ya watu wote."

Ukimaliza, funika jina kwa kidole. Mstari ukimfaa mtu mwingine, andika tena.

Wawili walibaki bila habari. Tukauliza majirani, kumbe mmoja alichunga mbuzi wa wenzake siku nzima, na hakuna aliyemwona silangani.