Barua ya kurudi kazini: andika na usichoweza bado

Barua yangu ya kwanza ya kurudi kazini ilikuwa na aya mbili, na ya pili ndiyo iliyonirudisha kitandani. Nilikuwa nimemaliza wiki sita za likizo ya ugonjwa kwa sababu ya sonona. Nikapita steshenari moja karibu na kituo cha daladala, kijana akafungua barua iliyokuwa tayari kwenye kompyuta yake, akabadilisha jina na tarehe, akanitoza shilingi elfu mbili. "Nimepona kabisa na niko tayari kuendelea na majukumu yangu yote." Nikasaini palepale juu ya kaunta. Barua hizo za kunakili msizinunue. Aliyeziandika hakujua kazi yako wala ugonjwa wako.

Mimi ni mhasibu, Dar es Salaam. Nilirudi mwanzoni mwa mwezi, na kodi ya mishahara ya mwezi uliopita mwisho wake ni tarehe 7. Mafaili ya mishahara nikayakuta mezani yananisubiri. Siku ya tatu nilijumlisha safu moja ya makato mara nne, na kila mara nikapata jibu jingine. Dawa niliyokuwa nikinywa usiku, amitriptilini, ilikuwa ikinilevya usingizi hadi saa nne asubuhi. Nikamwendea afisa rasilimali watu kuomba nipunguziwe kazi. Akafungua faili langu, akanigeuzia barua, akaweka kidole kwenye neno "yote".

"Kaka, si umeandika mwenyewe?"

Alisema kwa upole, na iliniuma zaidi kwa sababu alikuwa sahihi. Ijumaa nilikuwa kliniki, nikapewa wiki mbili nyingine.

Siku 56 kwa jumla. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Kwa hiyo zilinibaki siku saba za mshahara kamili, na hesabu hiyo ilikuwa ikinisukuma nirudi kwa pupa tena. Dokta ndiye aliyenizuia. "Usiwaambie umepona," alisema. "Waambie unaweza kufanya nini, kwa saa ngapi."

Basi barua ya pili niliiandika mwenyewe. Anwani, kichwa cha habari na salamu mnavijua. Jina la ugonjwa silazimiki kuliandika. Niliandika "likizo ya ugonjwa" na tarehe zake, nikaambatanisha cheti cha daktari kinachosema ninafaa kurudi kwa utaratibu wa hatua.

Sasa lile nililojifunza kwa machungu. Kwanza ongea, ndipo uandike. Niliomba kikao na bosi na yule dada wa rasilimali watu, tukakubaliana kwa mdomo. Bosi akasema hakuna haja ya karatasi, tutaelewana tu. Jioni ileile niliandika, nikaanza na "Kama tulivyokubaliana katika kikao cha leo". Wiki ya kwanza na ya pili, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kulinganisha taarifa za benki na daftari la fedha tu. Ya tatu na ya nne, hadi saa kumi jioni, kuongeza malipo ya wauzaji. Ya tano na ya sita, saa zote za kazi. Mshahara wa kipindi hicho ni kamili. Sentensi hiyo ya mshahara msiisahau, maana saa zikipungua, mtu wa malipo naye atakata kwa nia njema.

Kisha nikaandika aya ambayo barua ya steshenari haiwezi kuwa nayo: "Hadi mapitio ya mwisho wa wiki ya sita, sitashughulikia mishahara wala kufunga hesabu za mwezi, kazi hizo zitabaki kwa mhasibu msaidizi." Nilimtaja mwenye kazi kwa cheo chake kwa makusudi. Ukiandika tu kwamba hutafanya, kazi inabaki haina mwenyewe, na kazi isiyo na mwenyewe hurudi kwenye meza yake ya zamani. Nilipeleka nakala mbili. Moja bosi akaisaini chini ya neno "Nimekubali", masijala wakaigonga muhuri, nikaondoka nayo.

Wiki ya tatu, tarehe 5, faili la mishahara likaja mezani kwangu tena. Mkono ulitetemeka. Nikatoa nakala kwenye droo, nikaenda nayo kwa bosi, nikaweka kidole kwenye ile aya. Akasoma, akaona saini yake, akampigia simu mhasibu msaidizi nikiwa nimesimama palepale. Hakukasirika, alikuwa amesahau.

Mapitio yalifanyika wiki ya sita kama ilivyoandikwa. Mishahara niliipokea mwezi uliofuata, na kodi yake ikalipwa tarehe 6.