Kusoma hati ya mshahara: kodi inakatwa kwa pesa gani?

Mwisho wa mwezi ukifika, wafanyakazi wengi wa maduka, hoteli na maghala ya Eastleigh hupokea mshahara kwa simu au kwa benki, kisha hupewa karatasi yenye mistari kumi hivi. Jicho hukimbilia mstari wa chini kabisa, ulioandikwa Net Pay, yaani pesa za kwenda nazo nyumbani. Mstari huo ndio muhimu, lakini makosa huwa yamejificha katika mistari iliyo juu yake.

Karatasi hiyo si hisani ya tajiri. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi wakati wa kumlipa au kabla, yakionyesha jumla ya mshahara, kila kilichokatwa na sababu yake, na kinachobaki. Kifungu hicho hakiwahusu vibarua, wanaolipwa kulingana na kazi waliyoimaliza, wala walioajiriwa kwa muda usiozidi miezi sita.

Tuchukue mfano wa keshia katika duka la nguo la jumla. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 40,000 na marupurupu ya nyumba ni 6,000. Hati yake ya Oktoba 2025 inapaswa kusomeka hivi:

Mshahara wa msingi: 40,000.00
Marupurupu ya nyumba: 6,000.00
Jumla kabla ya makato (Gross Pay): 46,000.00
NSSF: 2,760.00
SHIF: 1,265.00
Ushuru wa nyumba: 690.00
Mapato yanayotozwa kodi (Taxable Pay): 41,285.00
Kodi ya PAYE: 4,768.85
Mshahara wa kupokea (Net Pay): 36,516.15

Anza na mstari wa jumla. Shilingi 46,000 ni mshahara wa msingi pamoja na marupurupu, na kama kungekuwa na malipo ya saa za ziada yangeongezwa hapo pia. Makato matatu yanayofuata huhesabiwa kutokana na jumla hii, si kutokana na ule mshahara wa msingi wa 40,000. NSSF, hazina ya malipo ya uzeeni, huchukua asilimia 6. SHIF, hazina ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, huchukua asilimia 2.75, na hakuna anayekatwa chini ya shilingi 300. Ushuru wa nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5. Ukiwa na kikokotoo cha simu, zidisha 46,000 kwa 0.06, kwa 0.0275 na kwa 0.015, nawe utapata nambari zilizo hapo juu.

Sasa njoo kwenye mstari unaowachanganya wengi, hata baadhi ya makarani wa mishahara. Kodi ya PAYE haikatwi kutoka kwa 46,000. Inakatwa kutoka kwa kile kinachobaki baada ya kuondoa NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba, yaani 41,285. Haikuwa hivyo tangu zamani. Hadi Desemba 2024, ni mchango wa uzeeni pekee ulioondolewa kabla ya kodi. Kwa bima ya afya na ushuru wa nyumba, mfanyakazi alipewa nafuu ya asilimia 15 ya alichokatwa. Marekebisho ya sheria za kodi yaliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 yalifuta nafuu hizo mbili, na badala yake makato yote mawili yakawa yanaondolewa kwanza kabla ya kodi kuhesabiwa.

Kodi yenyewe hupandishwa kwa ngazi. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, ambayo ni 2,083.25. Kwa keshia wetu zinabaki 8,952, nazo ziko katika ngazi ya asilimia 30, kwa hivyo anaongezewa 2,685.60. Jumla ni 7,168.85. Kisha kila mkazi mwenye ajira hupunguziwa shilingi 2,400 kwa mwezi, nafuu ambayo hati nyingi huiita Personal Relief. Inabaki kodi ya 4,768.85. Watu husikia "asilimia 30" wakadhani mshahara wote umekatwa theluthi. Hapa ni hizo 8,952 za mwisho tu zilizotozwa kiwango hicho.

Je, karani akikosea utajuaje? Tazama mstari wa Taxable Pay. Tuseme unasoma 43,240 badala ya 41,285. Hiyo ni 46,000 toa 2,760, maana yake karani ameondoa NSSF peke yake na kuziacha SHIF na ushuru wa nyumba. Ikiwa hata zile nafuu za zamani hakuzitia, kodi itatoka 5,355.35. Tofauti ni shilingi 586.50 kila mwezi, na kwa mwaka mzima ni 7,038. Hiyo ni pesa ya mfanyakazi iliyokatwa bila sababu, na hakuna chochote katika Net Pay kitakachomwonya, kwa sababu hesabu ya kutoa chini ya karatasi itakuwa sahihi kabisa.

Kosa hilohilo huwagusa pia wenye mishahara midogo. Mfanyakazi wa hoteli anayepata jumla ya 26,000 hukatwa 1,560 za NSSF, 715 za SHIF na 390 za ushuru wa nyumba, akabaki na mapato ya 23,335. Asilimia 10 ya hiyo haifiki 2,400, kwa hivyo nafuu inaimaliza kodi yote, na mstari wa PAYE unapaswa kuwa sufuri. Nafuu inayosalia hairudishwi kwa pesa taslimu, lakini mfanyakazi huyo hapaswi kukatwa hata shilingi moja ya PAYE.

Ukigundua kosa, peleka hati pamoja na hesabu yako kwa anayeshughulikia mishahara. Likigunduliwa ndani ya mwaka, mwajiri anaweza kulirekebisha katika miezi inayofuata. Mwaka ukiwa umekwisha, mwajiri hukupa fomu ya P9, inayoonyesha mapato na kodi ya kila mwezi. Hiyo ndiyo inayotumika kujaza ripoti ya kodi kwenye mtandao wa iTax kabla ya tarehe 30 Juni, na hapo ndipo kodi iliyolipwa kupita kiasi hudaiwa kutoka KRA.

Rudi sasa kwenye NSSF, kwa sababu mstari huu una upande usioonekana. Sheria ya NSSF ya 2013 inamtaka mwajiri achange kiasi sawa na cha mfanyakazi kutoka mfukoni mwake. Shilingi 2,760 za keshia zinapaswa kukutana na 2,760 za duka, na 5,520 zikaingia katika akaunti ya keshia. Baadhi ya hati huonyesha mchango wa mwajiri katika kisanduku cha pembeni. Hapo hakuna ubaya, mradi haujatolewa kwenye mshahara. Hati ikionyesha mfanyakazi wa 46,000 amekatwa 5,520 za NSSF, amelipishwa fungu lake na la tajiri. Ushuru wa nyumba vilevile mwajiri hulipa asilimia 1.5 yake. Kwa SHIF hali ni tofauti: mwajiri haongezi chochote.

Hati nyingine huugawa mchango wa NSSF katika mistari miwili, Tier I na Tier II, na mtu hudhani amekatwa mara mbili. Ni mchango mmoja uliogawanywa. Kuanzia Februari 2025, asilimia 6 ya shilingi 8,000 za kwanza, yaani 480, ilikuwa fungu la kwanza. Zilizobaki, hapa 2,280, zilikuwa fungu la pili, ambalo mwajiri aliyepewa idhini anaweza kulipeleka kwa mpango mwingine wa pensheni. Mchango ulihesabiwa mwisho kwenye shilingi 72,000, kwa hivyo mwenye mshahara wa juu zaidi alikatwa 4,320 na si zaidi. Mipaka hii imekuwa ikipandishwa kila Februari kwa mujibu wa sheria hiyo, na ndiyo maana hati ya Januari na ya Februari zinaweza kutofautiana ingawa mshahara ni uleule.

Kukatwa ni jambo moja, kupelekwa ni jingine. PAYE, NSSF na SHIF za mwezi zinapaswa kuwasilishwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Karatasi inaweza kusema 2,760 na akaunti ikawa tupu. Kwa hivyo baada ya tarehe hiyo fungua akaunti yako ya uanachama katika tovuti ya NSSF, na kwa bima ya afya bonyeza *147#. Asiye na simu ya intaneti anaweza kuuliza katika Huduma Centre, kama ile ya Makadara. Weka hati zako zote, kwa kuwa ndizo ushahidi kwamba pesa zilitoka kwako. Na kwa sababu swali hili huulizwa mara kwa mara: hakuna mstari wowote kati ya hii unaokuja City Hall. PAYE na ushuru wa nyumba hukusanywa na KRA, na michango mingine ni ya hazina za kitaifa.

Limebaki neno kuhusu makato ya dukani yenyewe, ambayo katika biashara za pesa taslimu ndiyo huzua ugomvi zaidi. Hesabu ya jioni ikipungua, je, keshia akatwe? Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu hilo ikiwa tu mkataba wake unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa, na upungufu umetokana na uzembe wake au kukosa uaminifu. Mpanga nguo rafuni hawezi kugawiwa upungufu wa sanduku la pesa. Kifungu hicho pia kinaweka ukomo: makato yote kwa pamoja, yakiwemo mkopo wa chama, karadha na kodi, hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Keshia wa 46,000 hapaswi kupokea chini ya 15,333.33 hata akiwa na madeni ya aina gani. Hati ikionyesha chini ya hapo, au ikiwa na mstari ulioandikwa "mengineyo" bila maelezo, na mwajiri akakataa kuufafanua, mfanyakazi anaweza kuipeleka katika ofisi ya leba pamoja na mkataba wake na hati za miezi iliyotangulia.