Kumwachia ndugu fungu la urithi: namna ya kufanya bila kuleta ugomvi



Katika mikutano yetu na familia zilizohamishwa na vita, swali moja hurudi mara kwa mara. Baba amekufa, watoto wametawanyika, na mmoja wao amebaki kwenye parsele ya familia. Aliye mbali anasema: “Mimi sitarudi. Fungu langu achukue mdogo wangu.” Ni neno jema. Lakini tumeona neno hilo likizaa mashitaka miaka kadhaa baadaye, kwa sababu lilisemwa au kuandikwa vibaya. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuliandika vizuri, kwa kufuata sheria za nchi yetu ya Kongo.

Kwanza: fungu ni la nani?

Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi. Wanagawana sawasawa, wa kiume na wa kike. Mtoto aliyekufa mbele ya baba yake, watoto wake wanachukua nafasi yake. Kwa hiyo dada aliyeolewa mbali haombi huruma ya kaka zake. Ana fungu lake kamili, na yeye tu ndiye anayeweza kuliachilia.

Urithi hufunguka siku ya kifo. Karatasi ambayo watoto walitia saini wakati baba yu hai, kwamba fulani “ameacha urithi”, haigawi kitu. Baba mwenyewe bado alikuwa na mali yake.

Kukataa si sawa na kumwachia

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Tuchukue mfano. Baba amekufa Beni, na mama alitangulia. Baba hakuacha mzazi, kaka wala dada, basi warithi ni watoto wake wanne tu. Ameacha parsele ya mita 20 kwa mita 30, yaani mita za mraba 600. Kila mtoto ana robo, sawa na mita 150. Dada wa pili amekimbilia Kisangani. Anataka robo yake iende kwa kitinda mimba, ambaye alimwuguza baba na anakaa pale pamoja na watoto wake.

Dada akiandika tu: “Ninakataa urithi wa baba,” anajitoa katika hesabu. Fungu lake halimfuati kitinda mimba. Linarudi katika jumla, na wale watatu waliobaki wanagawana. Kila mmoja anapata theluthi moja, yaani mita 200.

Lakini akiandika: “Ninapokea robo yangu, na ninampa mdogo wangu fulani,” hesabu ni nyingine. Kitinda mimba anapata robo yake na robo ya dada, jumla nusu, yaani mita 300. Wale wengine wawili wanabaki na mita 150 kila mmoja.

Tofauti ni mita 100 za mraba, yaani nafasi ya nyumba nzima. Maneno mawili yameipeleka kwa watu ambao dada hakuwakusudia, na kitinda mimba anaweza kuambiwa abomoe jiko lake.

Kwa macho ya sheria, anayemwachia ndugu mmoja kwa jina amefanya mambo mawili: amepokea urithi, kisha ametoa zawadi. Kwa kuwa amepokea, hawezi kusema kwamba madeni ya baba hayamhusu. Kwa sababu hiyo ulizeni kwanza kama baba aliacha madeni, na yalipwe kutoka katika mali kabla ya kugawana.

Hatua za kufuata

1. *Warithi wajulikane.* Tafuteni hati ya kifo kwenye ofisi ya serikali inayoandika vizazi na vifo. Kikao cha familia kiandike majina ya warithi wote, hata wale wasiojulikana waliko. Kimtaje pia msimamizi wa urithi, ambaye wengi wanamwita likidateri.

2. *Hati iandikwe mbele ya notere.* Iseme nani anatoa, nani anapokea, fungu gani (“robo yangu”), na parsele ipi: avenyu, namba, vipimo. Iseme kama ni bure au kwa malipo. Kama kuna malipo, kiasi kiandikwe. Anayepokea naye atie saini kwamba amekubali, kwa maana zawadi isiyokubaliwa bado si zawadi. Ni vizuri warithi wengine watie saini kama mashahidi, ili kesho mtu asiseme hakujua.

3. *Aliye mbali atume mtu kwa maandishi.* Dada wa Kisangani hana lazima ya kusafiri. Anaweza kwenda kwa notere wa Kisangani na kufanya hati ya kumtuma mtu, inayoitwa prokurasyo. Hati hiyo itaje ndugu anayepewa na fungu linalotolewa. Msitie saini hati inayosema “afanye atakavyo na mali yangu”. Kwa hati ya namna hiyo parsele imewahi kuuzwa.

4. *Jina libadilishwe.* Kama parsele ina sertifika, hati ya notere peke yake haitoshi. Warithi waombe kwanza amri ya mahakama inayowatambua, kisha waende kwa konservateri wa hati za ardhi. Jina la baba likibaki katika kitabu, kitinda mimba bado hana usalama. Tunzeni kila kitansi. Kama parsele haina sertifika, chifu au mkuu wa mtaa pamoja na majirani wa mipaka yote watie saini. Karatasi hiyo husaidia kama ushuhuda, lakini haichukui nafasi ya sertifika.

Mambo matatu ya kuangalia

*Mtoto chini ya miaka 18 hawezi kutoa fungu lake*, wala mjomba au baba mdogo anayemlea hawezi kulitoa kwa niaba yake. Katika kambi, yatima wengi wamepotezewa mali kwa njia hiyo.

*Mwanamke aliyeolewa anatia saini mwenyewe.* Tangu 2016 sheria haimtaki tena kuomba ruhusa ya mume. Inataka wote wawili wapatane. Saini ya mume haiwezi kuchukua nafasi ya saini ya mke kwa mali ya baba yake.

*Saini ya kulazimishwa au ya kudanganywa inaweza kuvunjwa na mahakama.* Viongozi, muwe macho mkiona karatasi tupu iliyotiwa saini, au dada “aliyeacha” fungu siku ileile aliyopewa pesa za safari. Mwulizeni peke yake, mbali na kaka zake: “Unajua fungu lako ni kiasi gani? Unampa nani?” Kama hajui kujibu, msitie muhuri.

Kwa anayetoa, tunaongeza neno moja. Zawadi iliyokubaliwa hairudi kirahisi. Ukifikiri kwamba siku moja utarudi nyumbani, unaweza kutoa nusu ya fungu, au kuandika katika hati kwamba unabaki na haki ya kukaa katika chumba kimoja. Andika kabla ya kutia saini. Baadaye itakuwa ni kuomba tu.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika mfano wetu, kwa nini kitinda mimba anapata mita 200 katika njia moja na 300 katika nyingine?
2. Katika familia yenu, kuna mrithi ambaye jina lake halikuandikwa kwa sababu yuko mbali?
3. Parsele mnayokaa leo imeandikwa kwa jina la nani?